Asilimia za tengo la madeni yenye shaka: za mazoea, za historia au za uhamaji?

Jedwali la umri wa madeni likishakaa mezani, kuzidisha hakumchukui mtu dakika tano. Kinachosumbua ni swali moja: hizo asilimia unazozidisha nazo zimetoka wapi? Mhasibu mmoja anaandika 1, 3, 10, 25 na 50 kwa sababu ndizo alizozikuta kazini. Mwingine amefuatilia ankara za zamani mpaka mwisho wake, akaona ni kiasi gani hakikulipwa kabisa. Wa tatu anapima kila mwezi ni sehemu gani ya deni imeshindwa kulipwa ikasogea kundi linalofuata. Wote watatu wanaanza na jedwali lile lile, na bado wanatoka na matengo yanayopishana sana.

Makala haya ni kwa anayejua tayari tengo ni nini lakini amekwama kwenye kuchagua njia. Nitazilinganisha hizo tatu kwa vipimo vilivyo sawa na kwa kampuni moja ya mfano.

## Vipimo vinne vya kulinganishia

Kwanza ni kumbukumbu zinazohitajika. Njia inayodai miaka mitatu ya rekodi haina msaada kwa biashara iliyoanza mwaka jana.

Pili ni wepesi wa kuhisi mabadiliko. Wateja wakianza kuchelewa, asilimia zako zitaonyesha lini: mwezi ujao, mwaka ujao, au hazitaonyesha kabisa?

Tatu ni utetezi. Mkaguzi wa hesabu akiuliza "kwa nini 12 na si 20?", una karatasi gani ya kumwekea mbele?

Nne ni kazi yenyewe, na mahali inapoharibikia. Kila njia ina kosa lake la kuzaliwa nalo, na ni vizuri ulijue kabla hujaichagua.

## Kampuni ya mfano

Tuchukue kampuni inayouza kwa mkopo wa siku 30. Tarehe 31 Desemba inawadai wateja wake 8,000,000. Umri unahesabiwa kuanzia siku ya mwisho ya kulipa, wala si siku ankara ilipotolewa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ukihesabu kuanzia siku ya ankara, deni ambalo muda wake haujafika litaingia kundi la siku 1 hadi 30, na asilimia zote zitapoteza maana.

| Kundi | Deni |
|---|---|
| Muda haujafika | 5,200,000 |
| Siku 1–30 baada ya muda | 1,400,000 |
| Siku 31–60 | 600,000 |
| Siku 61–90 | 300,000 |
| Zaidi ya siku 90 | 500,000 |
| Jumla | 8,000,000 |

Kabla ya kugusa asilimia yoyote, jedwali lenyewe lisafishwe. Nimewahi kukaa na leja ya wadaiwa ambayo kundi la zaidi ya siku 90 lilitisha kweli. Tulipolifungua, tukakuta karibu nusu yake ilikuwa imeshalipwa. Fedha ziliingia, karani akazipokea kwenye akaunti ya mteja, lakini hakuziunganisha na ankara zake. Mfumo ukaziacha zikae kama kiasi hasi kwenye kundi la "muda haujafika", huku ankara za zamani zikiendelea kuzeeka. Jumla ya wadaiwa ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho, ila umri wao ulikuwa wa uongo, na tengo likavimba bila sababu. Kwa hiyo tafuta viasi hasi ndani ya jedwali. Ukiviona, viunganishe na ankara zake kwanza, ndipo uanze.

## Njia ya kwanza: asilimia za mazoea

Inavyofanya kazi. Unapanga asilimia kwa kutumia akili ya kazi: kadiri deni linavyozeeka ndivyo asilimia inavyopanda. Kampuni yetu inatumia 1, 3, 10, 25 na 50. Kwa mpangilio wa jedwali inapata 52,000, 42,000, 60,000, 75,000 na 250,000. Tengo linalotakiwa ni 479,000.

Kumbukumbu. Karibu hazihitajiki. Hiyo ndiyo nguvu yake, na kwa biashara changa hakuna njia nyingine ya kweli. Mwenye ankara arobaini za mwaka mmoja akikokotoa asilimia za historia atapata namba zenye desimali nzuri zisizo na uzito wowote nyuma yake.

Kuhisi mabadiliko. Hapa ni dhaifu. Asilimia yenyewe haiguswi na jambo lolote mpaka mtu aamue kuibadilisha, na kwa kawaida hakuna anayeamua. Tengo litaongezeka wateja wakichelewa, kwa kuwa madeni yatahamia makundi ya juu, lakini kama uwezekano wa kulipwa ndani ya kundi umeshuka, njia hii haitajua.

Utetezi. Inategemea umeandika nini. "Ndizo tulizozikuta" si jibu. Jibu linaloweza kusimama ni ukurasa mmoja unaoeleza wateja wako ni wa aina gani, masharti yako ya mkopo ni yapi, unafanya nini deni likifika siku 60, na kwa nini ulidhani nusu ya madeni yaliyopita siku 90 haitarudi.

Hapa nina onyo kwa wanaofuata IFRS 9, kiwango cha kimataifa kilichoanza kutumika kwa vipindi vya kuanzia 1 Januari 2018. Kiwango hicho kinaruhusu kutumia jedwali la asilimia kwa wadaiwa wa biashara, na kwenye mifano yake ya ufafanuzi, Mfano wa 12, kuna jedwali lenye asilimia 0.3, 1.6, 3.6, 6.6 na 10.6. Nimeziona namba hizo hizo ndani ya hesabu za biashara zisizofanana kwa lolote. Mtu alizinakili akidhani ni sheria. Zile ni za kampuni ya kubuni, zimewekwa kuonyesha hesabu inavyokwenda. Kuzinakili ni sawa na kuvaa viatu vya mtu uliyemwona pichani.

Inapoharibikia. Asilimia za mazoea huwa zinaelekea juu, kwa sababu hakuna anayelaumiwa kwa tahadhari. Lakini tengo linalozidi si tahadhari. Ni faida ya mwaka huu iliyosogezwa mwaka ujao, na msomaji wa hesabu anadanganyika miaka yote miwili. Kipimo chake ni rahisi: chukua jedwali la mwaka jana, angalia kila kundi lilitengewa kiasi gani, kisha uone ni kiasi gani hakikulipwa kweli. Kama kundi la siku 61 hadi 90 lilitengewa 25 kwa mia na lililopotea ni 9, na mwaka uliotangulia hali ilikuwa hivyo hivyo, asilimia hiyo haina pa kujificha tena.

Inamfaa nani. Biashara isiyo na historia ya kutosha, au yenye wadaiwa wachache kiasi kwamba kosa la asilimia kumi halibadilishi picha ya hesabu.

## Njia ya pili: asilimia za historia

Inavyofanya kazi. Unarudi kwenye jedwali la tarehe ya zamani, tuseme 31 Desemba miaka miwili iliyopita, unachukua kila kundi kama lilivyokuwa siku ile, halafu unafuatilia ankara zake moja moja mpaka leo. Kila ankara ina mwisho wake: imelipwa, imelipwa nusu, au haikulipwa. Kiasi ambacho hakikulipwa unakigawa kwa deni la kundi la siku ile.

Kampuni yetu ilifanya hivyo. Siku ile madeni ambayo muda wake haukuwa umefika yalikuwa 3,600,000, na kati yake 21,600 hazikuonekana tena, yaani 0.6 kwa mia. Kundi la siku 1 hadi 30 lilikuwa na 1,500,000 na likapoteza 22,500, yaani 1.5. Kwa namna hiyo hiyo makundi mengine yakatoa 4, 12 na 45 kwa mia. Ukizipeleka asilimia hizo kwenye jedwali la sasa unapata 31,200, 21,000, 24,000, 36,000 na 225,000. Jumla ni 337,200.

Nimetumia tarehe moja ili hesabu ionekane. Kazini chukua miisho ya miezi kumi na miwili na kuijumlisha pamoja, maana Desemba moja inaweza kuwa na tabia ya peke yake kwa biashara yenye msimu.

Kumbukumbu. Zinahitajika nyingi. Unahitaji jedwali la umri lililohifadhiwa kama lilivyokuwa siku ile. Mifumo mingi ukiiomba jedwali la tarehe ya nyuma inalijenga upya, na isipokuwa makini inaondoa ankara zilizolipwa baadaye, ikakuachia kundi lenye madeni mabaya matupu. Asilimia ikitoka kubwa ajabu, anza kushuku hapo. Dawa yake ni kuchapa au kuhifadhi jedwali kila mwisho wa mwezi, na kuhakikisha jumla yake inalingana na leja kuu ya siku hiyo.

Kuhisi mabadiliko. Ni mzito. Asilimia hizi zinakuambia wateja wa miaka miwili iliyopita walifanya nini. Kama hali yao imebadilika tangu hapo, lazima uziongezee au uzipunguze kwa mkono. IFRS 9 inadai marekebisho hayo: historia irekebishwe kwa hali ya sasa na kwa yanayotarajiwa mbele. Marekebisho yawe na sababu unayoweza kuitaja. Kuongeza robo kwenye kila asilimia "kwa sababu hali ni ngumu" hakutoshi. Kuongeza kwenye kundi moja la wateja kwa sababu soko lao limefungwa, hilo linaeleweka.

Utetezi. Hapa ndipo inapong'ara kuliko zote. Mkaguzi akiuliza kwa nini 12, unafungua faili, unamwonyesha ankara za siku 61 hadi 90, unamwonyesha ambazo hazikulipwa, anagawa mwenyewe.

Inapoharibikia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni njia ya mkato: kuchukua madeni yaliyofutwa mwaka huu na kuyagawa kwa wadaiwa wa mwisho wa mwaka huu huu. Madeni yaliyofutwa mwaka huu yalitokana na mauzo ya zamani, wakati kampuni ilikuwa ndogo. Kampuni inayokua ikifanya hivyo inagawa hasara ya jana kwa deni la leo, asilimia inatoka ndogo, na kila inavyokua zaidi ndivyo inavyojiona salama zaidi.

Kuna mitego mingine miwili. Usifuate neno "kufutwa", fuata fedha. Kampuni ambayo haifuti deni mpaka ipite miaka mitatu itaonekana haina hasara, kumbe madeni yamelala tu kwenye leja. Halafu toa nje ya hesabu yale yaliyopunguzwa kwa sababu bidhaa zilirudishwa au bei ilikosewa. Hapo mteja hakushindwa kulipa. Ni mauzo yaliyopungua, na mahali pake si kwenye hasara ya mikopo.

Inamfaa nani. Biashara yenye ankara nyingi za viwango vya kawaida, wateja wasiobadilika sana, na mtu wa kutunza majedwali ya kila mwezi.

## Njia ya tatu: asilimia za uhamaji

Inavyofanya kazi. Hapa hufuatilii ankara moja moja. Unalinganisha miisho ya miezi miwili inayofuatana na kuuliza: deni lililokuwa kundi hili, ni sehemu gani imehamia kundi linalofuata? Kama mwisho wa Mei kulikuwa na 3,900,000 ambazo muda wake haujafika, na mwisho wa Juni kundi la siku 1 hadi 30 lina 1,170,000, basi asilimia 30 imehama. Iliyobaki imelipwa.

Unafanya hivyo kwa miezi sita au kumi na miwili, unachukua wastani wa kila hatua. Wastani wa kampuni yetu ni huu: kutoka "muda haujafika" kwenda siku 1–30 ni 30 kwa mia, hatua inayofuata ni 40, kisha 50, kisha kutoka siku 61–90 kwenda zaidi ya 90 ni 40. Kundi la mwisho halina pa kuhamia, kwa hiyo hasara yake inatafutwa kwa ile njia ya pili, nayo ni 45.

Sasa unarudi kinyumenyume. Deni la siku 61 hadi 90 litapotea kama litahama (40 kwa mia) na baada ya kuhama lipotee (45 kwa mia). Arobaini kwa mia ya 45 ni 18. La siku 31 hadi 60 ni nusu ya hiyo, 9. La siku 1 hadi 30 ni 40 kwa mia ya 9, yaani 3.6. Ambalo muda wake haujafika ni 30 kwa mia ya 3.6, yaani 1.08.

Kwa jedwali letu tunapata 56,160, 50,400, 54,000, 54,000 na 225,000. Jumla ni 439,560.

Kumbukumbu. Majedwali ya miezi kumi na mitatu yanatosha kupata uhamaji wa miezi kumi na miwili, na unahitaji jumla za makundi tu. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalioni: upana wa kundi lazima ulingane na muda kati ya majedwali. Makundi ya siku 30 yaende na majedwali ya kila mwezi. Na kama unatoa mkopo wa siku 60, kundi la "muda haujafika" lina mauzo ya miezi miwili ndani yake, na nusu yake tu ndiyo inayoweza kuhama mwezi ujao. Usipoligawa mara mbili, asilimia ya hatua ya kwanza itatoka karibu nusu ya ukweli, na kosa hilo liko kwenye kundi lenye fedha nyingi kuliko yote.

Kuhisi mabadiliko. Ndiyo nyepesi kuliko zote, na ndiyo sababu tengo lake limeizidi historia kwa 102,360. Tazama kwa karibu tofauti hiyo imetoka wapi. Asilimia za historia nazo zina uhamaji uliojificha ndani yake: ukigawa 12 kwa 45 unapata karibu 27 kwa mia. Huo ndio uliokuwa uhamaji wa kutoka siku 61–90 kwenda zaidi ya 90 miaka miwili iliyopita. Leo ni 40. Hatua iliyotangulia ilikuwa 4 kwa 12, yaani theluthi. Leo ni nusu. Lakini hatua ya kwanza kabisa ilikuwa 0.6 kwa 1.5, yaani 40, na leo imeshuka hadi 30.

Maana yake ni kwamba wateja wengi zaidi sasa wanalipa kwa wakati, ila wale wanaopita siku 30 wanakwama vibaya kuliko zamani. Jumla ya wadaiwa haikuambii hilo. Hata tengo lenyewe halikuambii. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya njia hii: inamwambia mfuatiliaji wa madeni kwamba simu zake za siku ya 35 ndizo zinazopungukiwa nguvu.

Utetezi. Ni mzuri, ila mkaguzi asiyeizoea atahitaji kuelezwa kwa nini 18. Mpe hesabu ya hatua kwa hatua. Pia atauliza, na ana haki, kama siku zijazo zitafanana na miezi kumi na miwili iliyopita. Njia hii inaijua hali ya sasa, lakini ya kesho haijui.

Inapoharibikia. Mwezi mmoja unaweza kuivuruga. Mwisho wa mwezi ukiangukia Jumapili, malipo yanaingia Jumatatu, na jedwali linaonyesha uhamaji mkubwa ambao haukuwepo. Mwezi unaofuata unashuka. Ndiyo maana hutumii mwezi mmoja, unatumia wastani. Na ukiona asilimia ya uhamaji imepita 100, simama. Deni haliwezi kuhama likiwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Ama hundi imerudishwa na benki, ama ankara imeingizwa kwa tarehe ya nyuma, ama mtu amebadilisha tarehe za kulipa baada ya mazungumzo na mteja.

Inamfaa nani. Biashara inayofunga hesabu kila mwezi, yenye wateja wengi wadogo, na ambayo hali ya soko lake inabadilika haraka.

## Kwa pamoja

| | Mazoea | Historia | Uhamaji |
|---|---|---|---|
| Muda haujafika | 1% | 0.6% | 1.08% |
| Siku 1–30 | 3% | 1.5% | 3.6% |
| Siku 31–60 | 10% | 4% | 9% |
| Siku 61–90 | 25% | 12% | 18% |
| Zaidi ya 90 | 50% | 45% | 45% |
| Tengo linalotakiwa | 479,000 | 337,200 | 439,560 |

Kwenye lahajedwali, madeni yakiwa safu ya B na asilimia safu ya C, jumla inapatikana kwa mstari mmoja:

```
=SUMPRODUCT(B2:B6,C2:C6)
```

## Mteja mmoja anayezishinda njia zote

Asilimia ni za wengi. Zinafanya kazi pale ambapo hujui nani hatalipa, ila unajua wangapi hawatalipa. Pale unapomjua mtu kwa jina, asilimia haina kazi tena.

Tuseme kwenye zile 500,000 za zaidi ya siku 90, mteja mmoja anadaiwa 300,000, kampuni yake inafilisiwa, na mfilisi ameshaeleza kwamba wadai watapata takriban 10 kwa mia. Hasara yake ni 270,000. Mtoe kwenye kundi. Zilizobaki 200,000 kwa asilimia 45 ni 90,000. Kundi zima sasa linahitaji 360,000, si 225,000. Ongezeko ni 135,000, kubwa kuliko tofauti nzima kati ya historia na uhamaji.

Kwa hiyo kabla hujatumia siku tatu kubishana kuhusu njia, tumia asubuhi moja kupitia majina makubwa kumi ya juu. Ila ukimtoa mtu wa namna hiyo mwaka huu, hakikisha na wale wa aina yake walitolewa kwenye historia iliyokupa 45. La sivyo utamhesabu mara mbili: mara moja kwa jina, mara ya pili kwa kupitia asilimia.

Upande wa pili wapo taasisi kubwa zinazolipa siku ya 100 kila mara, bila kukosa. Zikichanganywa na wateja wadogo, kundi la zaidi ya 90 linaonekana jema kuliko lilivyo, na wadogo wanapata asilimia ndogo wasiyostahili. Taasisi hizo zipe jedwali lake.

## Kosa la kuandika, linalofanana kwa njia zote

Namba uliyoipata ni salio ambalo tengo linatakiwa liwe nalo mwisho wa mwaka. Si gharama ya mwaka. Kampuni yetu ilianza mwaka na tengo la 410,000, ikafuta madeni ya 160,000, kwa hiyo tengo lina 250,000 kabla ya marekebisho. Ikichagua historia, gharama ya mwaka ni 337,200 kutoa 250,000, yaani 87,200. Unadebiti gharama ya madeni yenye shaka, unakrediti tengo. Kwa mazoea gharama ni 229,000, kwa uhamaji ni 189,560.

Anayeandika 337,200 yote kama gharama anaacha tengo likiwa na 587,200, na hesabu bado zitalingana, kwa hiyo hakuna kengele itakayolia. Linganisha salio la tengo kwenye leja kuu na jumla ya jedwali lako baada ya kuandika. Zikitofautiana, umeandika vibaya.

Na kama madeni yaliyofutwa yalizidi tengo, tuseme 450,000 dhidi ya 410,000, tengo limebaki na salio la debiti la 40,000. Hapo unajumlisha: gharama inakuwa 377,200. Salio hilo la debiti lenyewe ni ujumbe kwamba asilimia za mwaka jana zilikuwa chini.

## Uchague ipi, kulingana na ulipo

Kama biashara yako haijatimiza miaka miwili, tumia mazoea, andika sababu zako kwa kirefu, na anza leo kuhifadhi jedwali la kila mwisho wa mwezi. Bila hayo majedwali utakuwa hapo hapo miaka mitano ijayo.

Kama una historia ndefu na wateja wale wale, tumia asilimia za historia, kisha kokotoa uhamaji pembeni bila kuuandika kwenye vitabu. Njia hizo mbili zikianza kuachana, hapo ndipo ulipopata ushahidi wa kurekebisha historia yako, na sababu ya kumwambia mkaguzi.

Kama unauza kwa mamia ya wateja wadogo na unatoa ripoti kila mwezi, tumia uhamaji, ila hasara ya kundi la mwisho itafute kwa kufuatilia fedha kweli. Namba hiyo moja inazidishwa ndani ya nyingine zote. Ikikosewa kwa theluthi, tengo zima limekosewa kwa theluthi.

Kama wateja wako ni kumi na watano tu na wawili kati yao wanabeba nusu ya deni, weka asilimia pembeni kwa hao wawili. Soma mikataba yao, angalia walilipa lini mara sita zilizopita, wapigie simu. Waliobaki kumi na watatu watatoshwa na mazoea.

Na kama umerithi asilimia usizojua asili yake, usizibadilishe siku ya kufunga mwaka. Zipime kwanza kwa jedwali la mwaka jana, kundi kwa kundi. Zilizosimama ziache, zilizoanguka zibadilishe, na karatasi ya kipimo hicho iweke kwenye faili la wadaiwa, mahali atakayekuja baada yako ataikuta.